Matabaka au vishada? Kuchagua kaya za kuhoji pale vijiji vinapotawanyika na fedha ya usafiri ni kidogo

Katika utafiti mmoja niliowahi kushiriki tulihoji kaya 360. Gari lilikuwa moja na mafuta ya kupimiwa, kwa hiyo tulichagua vijiji 9 na kila kijiji tukahoji kaya 40. Ripoti ilipotoka iliandikwa kwamba kosa la sampuli ni pointi 5 za asilimia kwenda juu au chini. Kosa halisi lilikuwa zaidi ya pointi 11. Aliyepiga hesabu alizichukulia kaya zile 360 kana kwamba kila moja ilichaguliwa peke yake kutoka eneo zima, ilhali zilitoka mahali tisa tu, na watu wa kijiji kimoja hufanana. Ukiuondoa mfanano huo, kaya 360 zilitupa habari sawa na ya kaya 73 hivi zilizotawanyika. Kwa idadi ileile ya kaya, zikitoka vijiji vingi zaidi, tungeweza kupata habari ya zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika huko.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Watu huuliza, "Nitumie matabaka au vishada?" kana kwamba ukichukua kimoja unaacha kingine. Kazi zake ni mbili tofauti. Kwenye matabaka unagawa vijiji vyote katika mafungu, halafu unachagua ndani ya kila fungu, hivyo hakuna fungu linaloachwa nje. Kwenye vishada unachagua vijiji vichache na kuviacha vingine vyote kabisa, kisha unahoji kaya kadhaa katika vile ulivyochagua. Tabaka zuri ni lile ambalo vijiji vyake vinafanana wao kwa wao na kutofautiana na vya tabaka jingine. Kishada kizuri ni kinyume chake, yaani kile ambacho ndani yake mna watu wa kila namna. Bahati mbaya kijiji mara nyingi si kishada kizuri. Tunakitumia kwa sababu moja tu, kwamba gari likishafika, kaya ya pili iko hatua chache kutoka ya kwanza.

Kwa hiyo matabaka hayakupunguzii safari wala hayakuongezei, bali yanakulinda usiruke upande mzima wa eneo. Vishada ndivyo vinavyopunguza safari, na bei yake unailipa kwa usahihi wa majibu. Vijiji vikitawanyika, utatumia vyote viwili karibu kila mara: vijiji vinagawanywa kwa matabaka, na ndani ya kila tabaka vinachaguliwa kama vishada. Linalobaki ni hesabu ya vijiji vingapi na kaya ngapi kwa kijiji. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Namba zake nimezitunga ili hesabu ionekane wazi, nawe utaweka zako.

Hatua ya 1: Andika vijiji vyote, idadi ya kaya, na gharama ya kufika

Orodha ya vijiji vyote vya eneo lako ndiyo msingi wa kila kitu. Kwa kila kijiji andika idadi ya kaya hata kama ni ya makadirio, na njia ya kufika. Orodha ya sensa ya mwisho inatosha kuanzia. Usisubiri namba kamili, kwa kuwa tutazirekebisha tukifika kijijini.

Mfano wetu una vijiji 90 na kaya 9,000. Vijiji 40 viko kando ya barabara (kaya 5,400), vijiji 30 viko bondeni (kaya 2,400), na 20 viko milimani (kaya 1,200).

Halafu pima gharama kwa kizio kimoja. Mimi hupenda kuita gharama ya kuhoji kaya moja "kizio 1", yaani posho ya mdadisi kwa muda wa dodoso moja, pamoja na muda wa kutembea kutoka nyumba hadi nyumba. Kisha jiulize: kukifikia kijiji kimoja kunagharimu vizio vingapi, kabla hata hujauliza swali la kwanza? Weka humo mafuta, dereva, muda wa kujitambulisha kwa viongozi, na kazi ya kuandika orodha ya kaya. Hii ya mwisho husahaulika sana kwenye bajeti. Tuseme kijiji cha barabarani ni vizio 12, cha bondeni 16, na cha milimani 34 kwa sababu gari linaishia njiani na wadadisi wanapanda kwa miguu na kulala huko. Bajeti yote ni vizio 840.

Sasa ona kwa nini sampuli ya matabaka peke yake haiwezekani hapa. Tuseme unataka kuchagua kaya moja moja kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka. Kwanza utahitaji orodha ya majina ya kaya zote 9,000, na orodha hiyo haipatikani bila kwenda vijiji vyote 90. Hata kama mtu angekupa orodha hiyo bure, kaya ulizochagua zingetawanyika moja hapa na mbili kule, na bajeti ingekwisha kabla ya kufika kaya 80.

Hatua ya 2: Gawa matabaka kwa kitu kinachogusa swali lako

Matabaka matatu ya mfano wetu yanafuata njia ya kufika, na hilo si la bahati. Umbali na barabara huenda pamoja na mambo mengi yanayoulizwa katika kaya: huduma, soko, maji, shule. Lakini kama utafiti wako ni wa mavuno na eneo lina sehemu ya umwagiliaji na sehemu ya mvua tu, gawa kwa hilo. Mipaka ya kiutawala ni rahisi kuitumia, ila mara nyingi haitenganishi chochote unachokipima.

Usitengeneze matabaka mengi. Kila tabaka lazima litoe vijiji visivyopungua viwili kwenye sampuli, kwa sababu ukiwa na kijiji kimoja huna cha kukilinganisha nacho na kosa la sampuli halihesabiki. Matabaka 10 katika sampuli ya vijiji 30 yatakufunga mikono.

Hatua ya 3: Kaya ngapi kwa kijiji?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Fikiria kijiji chenye kisima kimoja kirefu chenye pampu, na kaya zote zinachota hapo. Unaingia nyumba ya kwanza na kuuliza, "Maji ya kunywa mnayatoa wapi?" Wanajibu kisimani. Nyumba ya pili kisimani, ya tatu kisimani. Ukifika ya ishirini hujajifunza kitu ambacho hukukijua ulipotoka ya kwanza. Sasa badilisha swali: "Katika wiki mbili zilizopita kuna mtoto aliyeugua hapa?" Nyumba moja yupo, inayofuata hayupo, na kila nyumba inakuongezea jambo jipya. Kijiji ni kilekile, lakini swali la kwanza linakifanya kijiji kizima kuwa kama mtu mmoja, na la pili halifanyi hivyo.

Kiwango hicho cha kufanana ndani ya kijiji kina kipimo. Tukiite r. Kikiwa 0, majirani hawafanani zaidi ya watu wa mbali. Kikiwa 1, kijiji kizima kina jibu moja. Ukiwa nacho pamoja na m, yaani idadi ya kaya unazohoji kwa kijiji, unapata athari ya muundo, ambayo ni namba inayokuambia kaya zako zimepunguzwa thamani mara ngapi:

```
athari = 1 + (m - 1) * r
kaya_halisi = kaya_zote / athari
```

Leslie Kish ndiye aliyeifanya athari hii ijulikane sana, katika kitabu chake cha 1965 kuhusu tafiti za sampuli. Irudie hesabu ya utafiti wetu ule: m ni 40, na r kwa swali letu kuu ilikuwa karibu 0.1. Athari ni 1 + 39 × 0.1 = 4.9. Gawa 360 kwa 4.9 unapata 73.

r utaipata wapi kabla ya kwenda? Tafuta ripoti ya utafiti uliotangulia wenye swali linalofanana na lako, katika mazingira yanayofanana. Ripoti nzuri za kaya huandika athari ya muundo kwa kila kiashiria. Geuza kanuni: r = (athari − 1) / (m − 1). Ripoti ikisema athari ni 2.9 na walihoji kaya 20 kwa kijiji, basi r = 1.9 / 19 = 0.1. Tutaitumia hiyo.

Sasa kuna kanuni ya kupata m inayokupa habari nyingi zaidi kwa fedha uliyo nayo. C ni gharama ya kukifikia kijiji, c ni gharama ya kuhoji kaya:

```
m = sqrt( (C / c) * (1 - r) / r )
```

Isome kwa maneno: kijiji kikiwa ghali kukifikia, kaa hapo uhoji wengi, watu wakifanana sana, ondoka mapema uende kijiji kingine. Katika mfano wetu wastani wa C ni 16, c ni 1, r ni 0.1. Inatoka mzizi wa 16 × 9, yaani 12. Kijiji kimoja basi kinakula vizio 16 + 12 = 28, na bajeti ya 840 inalipa vijiji 30. Jumla ni kaya 360, athari ni 2.1, na kaya halisi ni 171. Ni idadi ileile ya 360 ya utafiti wetu wa mwanzo, lakini habari yake ni zaidi ya mara mbili.

Jaribu na namba nyingine kwa bajeti hiyohiyo uone. Ukihoji kaya 30 kwa kijiji, unapata vijiji 18 na kaya 540. Kwenye karatasi inapendeza, na wafadhili wengi huipenda kwa kuwa 540 ni namba kubwa, lakini kaya halisi ni 138 tu. Ukihoji kaya 5 kwa kijiji unafika vijiji 40, ila una kaya 200 na kaya halisi 143, kwa sababu fedha imeishia barabarani. Katikati hapo pametandazika: kaya 8 zinakupa 165, kaya 16 zinakupa 166. Hilo ni jambo la kufurahia. Maana yake huhitaji kung'ang'ania 12 hasa, bali unaweza kuchagua namba inayojaza siku ya kazi. Kama una wadadisi watatu na kila mmoja anamaliza madodoso manne vizuri kwa siku, 12 ni siku moja kamili. Kama uwezo wao ni matatu kila mmoja, chukua 9 na gari liondoke jioni hiyohiyo. Usichukue 14 ukalaza timu nzima kwa ajili ya kaya mbili.

Dodoso halina swali moja, na r hubadilika kwa kila swali. Kwa maji, r inaweza kufika 0.4. Hapo kaya 360 zilezile zinakuwa na thamani ya kaya 67, na kanuni ingetaka kaya 5 kwa kijiji. Kwa ugonjwa wa mtoto r ikiwa 0.03, kaya hizo zina thamani ya 271 na kanuni ingetaka 23. Huwezi kuyaridhisha maswali yote. Chagua m kwa swali ambalo utafiti umeitishwa kwa ajili yake, kisha sema wazi kwenye ripoti kwamba jibu la maji lina kosa kubwa zaidi. Na kama jibu ni la kijiji kizima, kama kisima kile, liulize mara moja kwenye fomu ya kijiji badala ya kulirudia nyumba kwa nyumba.

Hatua ya 4: Gawa vijiji 30 kwa matabaka

Njia ya kwanza ni kufuata idadi ya kaya. Barabarani kuna asilimia 60 ya kaya, kwa hiyo vijiji 18. Bondeni vijiji 8. Milimani vijiji 4. Gharama inatoka sawasawa na bajeti. Kama unachotaka ni namba moja ya eneo zima, ishia hapo.

Lakini mara nyingi mwenye utafiti anataka pia kujua hali ya milimani peke yake. Vijiji 4 ni kaya 48, ambazo kwa athari ya 2.1 ni kama kaya 23. Kosa lake ni pointi 20 kwenda juu au chini. Ukisema "asilimia 50 ya kaya za milimani", unachosema kweli ni kati ya 30 na 70. Ni afadhali kutoitoa namba hiyo kabisa.

Ukitaka kuongeza milimani, lazima ukate kwingine, na mlima ni ghali. Vijiji 14 vya barabarani, 8 vya bondeni na 6 vya milimani vinagharimu 168 + 128 + 204 = vizio 500 vya safari. Kwa kaya 12 kila kijiji ni kaya 336. Jumla ni 836, tumebaki ndani ya bajeti. Kosa la milimani linashuka hadi kama pointi 17. Kwa eneo zima, kaya halisi zinashuka kutoka 171 hadi 152 hivi, kwa kuwa kaya ni chache kidogo na sasa hazina uzito sawa, yaani kila moja haisimami kwa niaba ya idadi ileile ya kaya. Kosa la jumla linapanda kutoka pointi 7.5 hadi 8. Mimi ningeukubali mpango huu kama milima ni sehemu ya swali, lakini ningemweleza mwenye utafiti mapema kwamba pointi 17 bado ni nyingi. Asikute hilo kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Chagua vijiji kwa nafasi inayolingana na ukubwa

Ukichagua vijiji kwa nafasi sawa halafu ukahoji kaya 12 kila kimoja, kaya ya kijiji kidogo inapata nafasi kubwa kuliko kaya ya kijiji kikubwa. Dawa yake ni kukipa kijiji kikubwa nafasi kubwa ya kuchaguliwa. Tufanye kwa milimani: vijiji 20, kaya 1,200, tunataka vijiji 6.

Panga vijiji kwa mfululizo wa mahali vilipo, kimoja na jirani yake, ili uchaguzi utawanyike wenyewe. Jumlisha kaya ukishuka. Tuseme kijiji cha kwanza kina kaya 45, cha pili 80, cha tatu 30, cha nne 110, cha tano 60, cha sita 25. Jumla zinazopanda ni 45, 125, 155, 265, 325, 350, na kuendelea hadi 1,200.

Gawa 1,200 kwa 6. Hatua yako ni 200. Chagua namba moja ya bahati nasibu kati ya 1 na 200, kwa kompyuta au kwa karatasi zilizokunjwa mbele ya mashahidi. Tuseme imetoka 137. Namba zako ni 137, 337, 537, 737, 937 na 1,137. Namba 137 iko kati ya 126 na 155, hivyo kijiji cha tatu kimechaguliwa. 337 iko kati ya 326 na 350: kijiji cha sita. Endelea hivyo hadi mwisho.

Tazama kilichotokea. Kijiji cha nne chenye kaya 110 kimerukwa, na cha sita chenye kaya 25 kimeingia. Hapo ndipo msimamizi huinua mkono na kusema tubadilishe, kile ni kidogo na kiko mbali. Usibadilishe. Kijiji cha nne kilikuwa na nafasi kubwa zaidi lakini bahati imekipita, na ukianza kuisahihisha bahati kwa mkono, huna tena sampuli.

Mambo mawili yarekebishe kabla ya kuchagua. Kijiji chenye kaya chini ya 12 kiunganishe na jirani yake viwe kishada kimoja. Na kijiji chenye kaya zaidi ya hatua yako, hapa 200, kitaingia kwa hakika na kinaweza kuangukiwa na namba mbili. Kikiangukiwa mara mbili, hoji kaya 24 humo.

Hatua ya 6: Kijijini, orodha kwanza

Umefika kijiji cha tatu, kile cha kaya 30. Usianze kuhoji. Tembea na mwenyeji, mchore ramani ya mkono na kuandika kila kaya, pamoja na zile za pembezoni na zile zilizohamia mwaka huu. Tuseme mmepata kaya 39 badala ya 30. Hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu ya kuandika orodha.

Gawa 39 kwa 12, unapata 3.25. Chagua mwanzo wa bahati nasibu kati ya 0 na 3.25, tuseme 1.4, kisha ongeza 3.25 kila mara na kupandisha kwenda namba nzima inayofuata. Unapata kaya ya 2, 5, 8, 12, 15, 18, 21, 25, 28, 31, 34 na 38. Hizo na si nyingine.

Kuna njia ya mkato iliyoenea kupitia tafiti za chanjo za Shirika la Afya Duniani, zile za vishada 30 na watoto 7 kila kishada. Mdadisi alisimama katikati ya kijiji, akapata uelekeo kwa bahati nasibu, kwa mfano kwa kuzungusha chupa au kalamu, akachagua nyumba ya kuanzia upande huo, kisha akaendelea na mlango ulio karibu hadi atimize idadi. Ni ya haraka, lakini nyumba za katikati hupata nafasi kubwa kuliko za pembezoni, na nafasi ya kila kaya haijulikani, kwa hiyo uzito hauhesabiki. Kama orodha inakula nusu siku, iache iile. Gharama hiyo tulishaiweka kwenye C.

Kaya ikiwa haina mtu, rudi jioni, rudi tena alfajiri. Ikishindikana, iandike "haikupatikana" na usiende kwa jirani. Wasiokuwepo mchana si sawa na waliopo: ni wa shambani, wa vibarua, wa kuishi peke yao. Ukiwabadilisha na jirani, umewahoji wakaa nyumbani mara mbili.

Na kijiji kisichofikika, mto umejaa au njia imekatika? Kisogeze hadi mwisho wa ratiba. Ikishindikana kabisa, tumia kijiji cha akiba cha tabaka lilelile kilichochaguliwa kwa bahati nasibu siku ileile ya uchaguzi, na uandike kwenye ripoti kwamba ulifanya hivyo. Dereva asichague.

Utajuaje kwamba mambo yanaharibika ukiwa ofisini? Angalia muda wa madodoso kwenye simu au tableti: mahojiano kumi na mawili yaliyofuatana kwa dakika chache kati yake, nyumba zikiwa zimetawanyika, hayatembeki. Angalia nukta za mahali: zikijipanga kando ya njia moja, orodha haikufuatwa. Na angalia idadi ya kaya kwenye orodha mpya. Ikilingana kabisa na ya sensa katika kila kijiji, kuna mtu aliyenakili badala ya kutembea.

Hatua ya 7: Uzito, na kuieleza kompyuta ukweli wa sampuli

Uzito wa kaya ni 1 ukigawanya kwa nafasi yake ya kuchaguliwa. Kijiji cha tatu kilikuwa na nafasi ya 6 × 30 / 1,200 = 0.15. Kaya ndani yake ilikuwa na nafasi ya 12 / 39. Zidisha, unapata 0.046, na uzito ni 21.67, yaani kila kaya uliyoihoji hapo inasimama kwa niaba ya karibu kaya 22. Kama orodha ingetoka 30 kama sensa, uzito ungekuwa 16.67, sawa na kaya zote za milimani. Kwa hiyo hifadhi namba zote mbili, ya sensa na ya orodha. Nimeona kazi ambapo orodha za karatasi ziliachwa kijijini na uzito haukuweza kurekebishwa tena. Kama katika 12 ulipata 11 tu, njia ya kawaida ni kuzidisha uzito wa hao 11 kwa 12/11.

Kwenye uchambuzi, programu lazima ijue matabaka, vijiji na uzito. Katika R ni hivi:

```r
library(survey)
muundo <- svydesign(ids = ~kijiji, strata = ~tabaka,
                    weights = ~uzito, data = kaya, nest = TRUE)
svymean(~maji_salama, muundo, deff = TRUE)
svyby(~maji_salama, ~tabaka, muundo, svymean)
```

Ukiandika `ids = ~1`, yaani bila kutaja vijiji, kosa litatoka dogo mno, kama lile la pointi 5 lililotudanganya. Ukiacha `strata`, mara nyingi litatoka kubwa kuliko lilivyo na faida ya matabaka itapotea. Ukiacha `weights`, jibu lenyewe litaegemea milimani, kwa kuwa tulichukua huko zaidi ya fungu lake.

Safu ya `deff` ndiyo athari ya muundo iliyotokea kweli, ikiwa na mchango wa matabaka na uzito ndani yake. Iandike kwenye ripoti kando ya kila kiashiria, pamoja na idadi ya vijiji na ya kaya kwa kijiji. Atakayepanga utafiti unaofuata ataanza na namba hizo tatu kwenye Hatua ya 3.